Jozi zote nne zinasoma Open: je, kebo yote imekufa?

*"Mimi ni fundi wa IT katika shule ya sekondari pembezoni mwa Dodoma. Kebo ya Cat 5e inayotoka ofisi ya utawala kwenda maabara ya kompyuta ilikuwa inaunganika kwa megabiti 1000, sasa inaunganika kwa 100 tu. Nilichomoa upande wa maabara nikaendesha kipimo cha kebo kwenye swichi yetu ya Cisco. Jozi zote nne za nyaya zimesoma Open: tatu mita 71, na Pair C mita 43. Mwenzangu anasema kebo yote imekufa, tununue boksi jipya. Nikipima mita 43 kwa futi kamba kuanzia kwenye swichi, naangukia kwenye korido iliyomwagwa zege mwezi uliopita. Tuvunje?"*

Usivunje, ndugu yangu. Na hilo boksi jipya liacheni dukani kwanza. Kwa namba ulizoandika, jozi tatu za kebo yako ni nzima toka swichi hadi maabara, na moja tu ndiyo imekatika njiani. Kilichowachanganya wewe na mwenzako ni neno Open, na si ajabu, maana swichi hutumia neno hilohilo kwa mambo mawili tofauti kabisa.

Swichi inapopima kebo, hutuma mpigo mfupi wa umeme kwenye kila jozi, kisha inasikiliza. Ukisimama mbele ya jabali, kama haya yaliyojaa huku kwetu, ukapiga ukelele, sauti hugonga mwamba ikarudi. Ukihesabu muda tangu ulipopiga hadi iliporudi, unajua jabali liko umbali gani. Kwenye kebo, jabali ni mahali popote ambapo njia ya umeme inabadilika ghafla. Waya ukiishia hewani, mpigo hauna pa kwenda, unarudi ukiwa vilevile ulivyokwenda, na swichi inaandika Open. Nyaya mbili za jozi zikigusana, mpigo unarudi ukiwa umepinduka, chanya imekuwa hasi, na swichi inaandika Short, yaani shoti. Na kama mwisho wa kebo kuna kompyuta au swichi nyingine iliyochomekwa, kifaa hicho kinaumeza mpigo, hakuna mwangwi, na swichi inaandika Normal.

Sasa rudi kwenye ulichokifanya. Ulichomoa upande wa maabara. Maana yake waya zote nane zinaishia hewani pale kwenye soketi ya maabara, na swichi imesema kweli tupu: jozi hizi zinaishia hewani mita 71 kutoka hapa. Hizo Open tatu za mita 71 ndizo urefu wa kebo yako. Kama zingesoma kitu kingine, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuhangaika. Yenye ugonjwa ni ile ya nne, iliyoishia hewani mita 43 wakati wenzake wamefika mwisho.

Kwa hiyo ulifanya vizuri kuchomoa, hata kama hukujua kwa nini. Ungeacha kifaa cha maabara kimechomekwa, jozi nzima zingesoma Normal na usingepata ule urefu wa mita 71, nao ndio kipimo chako cha kulinganishia. Bila huo, namba 43 inabaki peke yake, na namba iliyo peke yake kwenye kipimo hiki hudanganya. Nitaeleza hapa chini.

Hata kushuka kutoka 1000 hadi 100 kunaendana na picha hii. Mwendo wa megabiti 100 unatumia jozi mbili tu, Pair A na Pair B, yaani pini 1 na 2, halafu 3 na 6. Mwendo wa 1000 unataka jozi zote nne. Vifaa viwili vinapokutana huzungumza kwanza kwenye zile jozi mbili na kukubaliana kwenda kwa 1000, kisha vinajaribu kuwasha zote nne na kukuta moja haiitiki. Swichi yako imekuwa na busara ya kushuka hadi 100. Vifaa vingine havina uwezo huo, na hapo taa ya porti huwaka na kuzima siku nzima, watu wakaanza kulaumu swichi au umeme. Pair C ni pini 4 na 5, na uzuri wake ni kwamba pini hizo ni za jozi ya bluu katika mipangilio yote miwili ya rangi, T568A na T568B. Hivyo hata bila kujua aliyefunga kebo alifuata mpangilio gani, unajua unatafuta waya wa bluu au wa bluu-nyeupe uliokatika. Hata ukikatika mmoja tu kati ya hizo mbili, jozi nzima itasoma Open.

Sasa tuje kwenye futi kamba na zege.

Mita 43 ni mita za kebo, siyo mita za sakafu. Zinaanza kuhesabiwa ndani ya porti ya swichi. Zinahesabu pachi kodi inayotoka kwenye swichi kwenda pachi paneli, zinahesabu kebo inavyopanda kutoka kwenye raki hadi darini, zinahesabu ile akiba ambayo fundi aliikunja duara na kuilaza juu ya dari, zinahesabu kila kona na kila mahali kebo imelegea. Wewe ulipima kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye swichi. Katika majengo mengi niliyofanya kazi, kebo huwa imekula mita sita hadi kumi kabla hata haijaanza safari ya kuelekea inakokwenda. Kwa hiyo mahali palipokatika pana uwezekano mkubwa wa kuwa nyuma ya pale ulipofikia kwa futi kamba, kuelekea kwenye swichi, na pengine haiko chini ya korido kabisa.

Halafu kuna kosa la kipimo chenyewe. Swichi haina futi kamba ndani, ina saa. Inapima muda, kisha inageuza muda kuwa mita kwa kukisia mwendo wa umeme kwenye kebo. Mwendo huo katika Cat 5e ni karibu asilimia 70 ya mwendo wa mwanga, yaani mpigo hukata kama sentimita 20 kwa kila nanosekunde. Mpigo kwenda mita 71 na kurudi huchukua nanosekunde 700 hivi, haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Swichi ikikosea kidogo tu kusoma muda huo, au kebo yako ikiwa na mwendo tofauti kidogo na ule swichi inaoukisia, mita zinahama. Ndiyo maana mbele ya namba pameandikwa `+/- 4 meters`. Maana yake, waya umekatika popote kati ya mita 39 na 47. Hizo ni mita nane za zege, ndugu yangu.

Lakini kosa hili linaweza kupunguzwa sana, na njia yake haihitaji kununua kitu. Inahitaji usome ganda la kebo.

Chukua tochi, shika kebo yako nyuma ya pachi paneli, uisome. Kwenye ganda kumechapwa aina ya kebo na jina la mtengenezaji, na mbele yake, kila baada ya mita moja, pamechapwa namba: 112 M, 113 M, 114 M. Hizo ni mita za boksi lilivyokuwa likijaa kiwandani. Nyingine huchapwa kwa futi, na hapo utagawanya kwa 3.28. Ukijua namba iliyo kwenye paneli na namba iliyo kwenye soketi ya maabara, unajua urefu halisi wa kebo kwa kutoa tu. Na ukijua urefu halisi, unaweza kusahihisha swichi.

Nikupe kazi niliyoifanya mwenyewe mwaka jana, katika ghala moja eneo la Kizota. Kebo ilitoka ofisini kwenda chumba cha karani wa mizani. Dalili zilikuwa kama zako, mwendo umeshuka hadi 100. Nilichomoa upande wa mizani, nikaendesha amri hizi mbili, ya pili baada ya kusubiri sekunde kadhaa:

```
test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/9
show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/9
```

Jibu likaja hivi:

```
Local pair  Pair length         Pair status
Pair A      66  +/- 4  meters   Open
Pair B      66  +/- 4  meters   Open
Pair C      65  +/- 4  meters   Open
Pair D      38  +/- 4  meters   Short
```

Tatu zimefika mwisho, ya nne ina shoti mita 38. Usishtuke kuona Pair C imesoma 65 wakati wenzake ni 66. Kila jozi imesokotwa kwa msokoto wake ili zisiingiliane, na iliyosokotwa sana ina shaba ndefu zaidi ndani ya ganda lilelile. Tofauti ya mita moja au mbili kati ya jozi nzima ni jambo la kawaida.

Nikasoma ganda. Kwenye paneli ilikuwa 112, kwenye soketi ya mizani 174. Kebo ni mita 62. Pachi kodi pale kwenye swichi ilikuwa ya mita 2, kwa hiyo jumla ya njia yote ni mita 64. Swichi ilisema 66. Basi swichi inazidisha kidogo, na kama inazidisha kwenye urefu wote, inazidisha pia kwenye ile 38. Nikachukua 38, nikazidisha kwa 64, nikagawanya kwa 66, nikapata karibu 37. Nikatoa mita 2 za pachi kodi, zikabaki 35. Nikajumlisha na 112 ya paneli. Jibu: 147.

Hapo kazi inabadilika sura. Sikuwa tena natafuta mita 38 kutoka kwenye swichi. Nilikuwa natafuta mahali kwenye kebo palipoandikwa 147. Akiba iliyokunjwa darini, kona, kebo iliyolegea, vyote havinihusu tena, kwa sababu namba imechapwa kwenye kebo yenyewe na inakwenda nayo popote inapopita.

Kabla ya kupanda darini nilipima tena kutoka upande wa pili. Nilikuwa na swichi ndogo yenye kipimo hiki. Nikaichomeka kwenye soketi ya mizani kwa pachi kodi ya mita 1, na upande wa ofisini nikachomoa pachi kodi kwenye paneli. Jozi nzima zikasoma 65, wakati urefu halisi ulikuwa 63. Pair D ikasoma Short mita 28. Hesabu ileile: 28 mara 63 gawanya kwa 65 ni 27, toa 1 ya pachi kodi, zinabaki 26. Toa 26 kwenye 174 ya upande ule, unapata 148. Upande mmoja unasema 147, mwingine 148. Nikapanda.

Kijana niliyekuwa naye akalala kifudifudi juu ya mbao za dari, akasoma namba kwa sauti huku kebo ikipita mkononi mwake. 144, 145, 146. Baada ya 147 akanyamaza, kisha akasema, "Fundi, kuna skrubu." Wiki chache nyuma walikuwa wamebadilisha mbao za jipsamu za dari, na skrubu moja nyeusi ilipenya ubao ikaingia moja kwa moja kwenye kebo iliyokuwa imelala juu yake. Ncha yake ilikuwa imechana ganda la waya wa kahawia na wa kahawia-nyeupe, na chuma chenyewe kilikuwa kimeziunganisha. Tulipoitoa skrubu na kupima tena, Pair D ikasoma Open mita 66 kama wenzake.

Hapo pana mtego, na nausema kwa sababu niliwahi kunaswa nao katika kazi nyingine miaka ya nyuma. Kipimo kinasema kebo ni nzima, lakini shaba mbili ziko uchi, zimeachana kwa milimita chache tu. Vumbi, unyevu wa kipindi cha mvua, au mtu kuivuta kebo kidogo tu, na shoti inarudi. Kwa hiyo pale Kizota tulikata kebo pale pale penye jeraha na kuiunganisha upya kwa boksi dogo la kuunganishia lenye vibanio, tukihakikisha msokoto wa kila jozi haufunguliwi zaidi ya milimita 13 hivi.

Sasa fanya hivyohivyo kwako. Usifanye wakati wa vipindi, maana kipimo kinaikata porti kwa sekunde kadhaa, na ukikosea namba ya porti utaikata ya mhasibu. Soma ganda pande zote mbili, pima pachi kodi yako, rekebisha ile 43, upate namba ya kutafuta kwenye ganda. Angalia pia kama namba zinapanda au zinashuka kutoka kwenye paneli kwenda maabara, kwa sababu inategemea fundi alianza kuvuta kutoka upande gani. Zikishuka, utatoa badala ya kujumlisha. Kosa hili dogo limewapeleka watu ukuta usio wao.

Kisha pima kutoka maabara. Kama kule kuna swichi yenye kipimo hiki, itumie hiyo. Swichi nyingi za bei ndogo zisizo na amri hazina kipimo, lakini vifaa vingi vya MikroTik vinacho, na amri yake ni `/interface ethernet cable-test ether2`, ukiweka jina la porti yako. Kama huna chochote kule, hamisha swichi ya ofisini jioni shule ikishafungwa, au azima. Usiache hatua hii, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ukubwa wa jeraha. Mpigo ukifika mahali waya umekatika unarudi wote, hivyo swichi ya ofisini haioni chochote kilicho nyuma ya mkato wa kwanza. Kwako 71 kutoa 43 ni 28. Ukipima kutoka maabara na Pair C ikasoma 28 au karibu yake, ukijumlisha na pachi kodi, basi kuna mkato mmoja na pande zote mbili zinauona uleule. Ikisoma 18, basi kuna mikato miwili na mita kama kumi katikati yake ni za mashaka. Hiyo huwa kazi ya panya, ambao hutafuna sehemu moja, wakahama kidogo, wakatafuna tena. Hapo kuunganisha sehemu moja hakutakusaidia, unabadilisha kipande chote cha katikati.

Ukishapata namba yako, fuata kebo kwa macho kuanzia sehemu zinazofikika: nyuma ya raki, darini, pale inaposhuka ukutani, pale inapoingia kwenye bomba. Angalia kwanza mdomo wa bomba. Bomba lililokatwa kwa msumeno bila kusuguliwa lina ukingo mkali kama kisu, na kebo ikivutwa juu yake, au mafundi wa zege wakilikanyaga bomba wakati wa kumwaga, jozi iliyo upande wa nje ndiyo inayokatika kwanza. Zege la mwezi uliopita na kebo iliyoharibika sasa, siwezi kusema havihusiani. Lakini nikiambiwa nichague, nitaangalia mdomo wa bomba kabla ya tumbo lake.

Na kama namba zote mbili, ya ofisini na ya maabara, zinakupeleka katikati ya korido? Hata hapo usivunje. Kebo iliyokatika chini ya zege haiungwi, maana maungio yaliyozikwa hayakaguliki na unyevu huyafikia. Jaribu kwanza kuitumia kebo ya zamani kuvutia mpya: funga kebo mpya pamoja na kamba imara ya nailoni kwenye ncha ya zamani, mmoja avute taratibu huku, mwingine alishe kule. Ikigoma, usilazimishe, bomba limebonyea, pitisha njia nyingine ya darini. Kwa urefu wako unahitaji mita 75 hadi 80 hivi, na boksi zima lina mita 305, kwa hiyo kabla ya kununua boksi ulizia duka linalokata kwa mita. Na kabla hujalipia, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe.

Wakati mnatafuta, watoto wanaweza kuendelea kutumia maabara kwa megabiti 100, kwa kuwa Pair A na Pair B ni nzima. Ili swichi isipoteze muda kujaribu 1000 kila kifaa kinapowaka, iambie isiitangaze kabisa:

```
configure terminal
interface gi1/0/14
 speed auto 10 100
```

Weka namba ya porti yako. Usiandike `speed 100` peke yake. Ukifanya hivyo swichi inaweza kuacha kuzungumza na upande wa pili, kifaa cha maabara kikadhani kinatakiwa kutuma na kupokea kwa zamu, na mtandao ukawa wa kukwamakwama kuliko hata mwanzo. Mkimaliza kutengeneza, rudisha kwa `speed auto`.

Kuna mambo ambayo kipimo hiki cha swichi hakiwezi kukuambia. Normal si cheti cha afya. Kinaona mkato na shoti vizuri, lakini kebo iliyobanwa, iliyofunguliwa msokoto, au yenye plagi iliyobanwa vibaya lakini inagusa inaweza kusoma Normal huku inapoteza data. Kosa lililo ndani ya mita mbili tatu za kwanza nalo husomwa ovyo, kwa sababu mwangwi unarudi kabla swichi haijamaliza kutuma. Kwa hiyo ukiona Open ya mita 0 au 1 au 2, badilisha pachi kodi kwanza, ndipo ufikirie kebo. Hali kadhalika jozi ikiishia karibu sana na urefu wote, tuseme 69 wakati wenzake ni 71, usipande darini. Hapo mashaka yangu yako kwenye soketi ya ukutani, waya haukushikwa vizuri na kibanio, na dakika tano za kuubana upya zinatosha. Na kebo iliyoingia maji inapunguza mwendo wa mpigo, hivyo husoma ndefu kuliko ilivyo. Ile 71 yako ikigeuka 75 baada ya mvua na kurudi jua likiwaka, usitafute mkato, tafuta maji.

Ukipima pande zote mbili mara tatu tatu na namba hazikubaliani, au zinarukaruka kwa zaidi ya mita nne, tafuta fundi mwenye kipimo kamili cha kebo cha mkononi aje pale shuleni. Kile kinapima kila jozi kwa undani zaidi, na kazi yake ya saa moja ni nafuu kuliko korido iliyovunjwa mahali pasipo. Na kama ukifungua boksi au bomba ukakuta kebo ya mtandao imepitishwa pamoja na nyaya za umeme wa kawaida, acha hapo hapo, usivute wala usikate. Chomoa kebo hiyo kwenye swichi na kwenye maabara, kisha muite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akazime mzunguko huo na kuzitenganisha. Ganda la kebo lililochanika pembeni ya waya wa volti 230 linaweza kupeleka umeme hadi kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi ameiwekea mkono.